Riba ya ovadrafti haikubaliani na hesabu yako: soma tofauti yenyewe

Mwezi umefungwa. Benki imekata riba ya ovadrafti 5,638.33. Wewe umekaa na taarifa ya akaunti na mkataba, ukahesabu siku kwa siku, ukapata 5,087.67. Tofauti ni 550.66.

Wengi hufika hapa wakaandika barua ya malalamiko papo hapo. Barua hiyo hujibiwa kwa sentensi moja: mfumo umehesabu sawasawa. Shida ya barua kama hiyo ni kwamba imetaja kiasi bila kutaja sababu, na karani anayeipokea hana pa kuanzia. Mimi hufanya kazi ya vitabu vya hesabu, na nimejifunza kuichunguza ile tofauti kabla ya kuandika chochote. Kila chanzo huacha alama yake ndani ya namba. Ukiijua alama, unajua tarehe ya kutazama, kifungu cha mkataba cha kusoma, na mara nyingine unagundua kwamba aliyekosea ni wewe.

Nitatumia akaunti hiyo moja mpaka mwisho. Kikomo cha ovadrafti ni 500,000. Riba ni asilimia 18 kwa mwaka, na mkataba unasema mwaka huhesabiwa kwa siku 365. Kiasi kinachovuka kikomo hutozwa asilimia 6 zaidi, juu ya ile 18. Mwezi ni Juni 2025, ambao tarehe 1 yake iliangukia Jumapili na tarehe 30 Jumatatu. Siku za mwisho wa wiki zitatuhusu sana.

Jedwali la kuanzia

Akaunti iliingia Juni ikiwa na deni la 320,000, riba ya Mei ikiwa imo ndani yake. Jumatano tarehe 4 zilitoka 150,000, deni likawa 470,000. Ijumaa tarehe 13 iliwekwa hundi ya 240,000, na taarifa ikaonyesha deni la 230,000. Alhamisi tarehe 19 zilitoka 310,000, deni likapanda hadi 540,000, yaani 40,000 juu ya kikomo. Jumanne tarehe 24 ziliingia 400,000, deni likabaki 140,000 mpaka mwisho wa mwezi.

Zidisha kila deni kwa idadi ya siku lilizokaa. Zao hilo nitaliita salio-siku, kwa sababu litarudi tena na tena:

```
Tarehe    Siku    Deni       Salio-siku
1-3        3     320,000        960,000
4-12       9     470,000      4,230,000
13-18      6     230,000      1,380,000
19-23      5     540,000      2,700,000
24-30      7     140,000        980,000
Jumla     30                 10,250,000
```

Riba ya kawaida ni 10,250,000 × 0.18 ÷ 365, yaani 5,054.79. Ziada ya kuvuka kikomo ni 40,000 kwa siku 5, yaani salio-siku 200,000, mara 0.06, gawa kwa 365, inakuwa 32.88. Jumla ni 5,087.67, ile niliyoitaja mwanzo.

Kwenye lahajedwali, usiandike masalio kwa mkono. Weka miamala kwenye ukurasa wake uitwao Miamala, tarehe kwenye safu ya A na kiasi kwenye safu ya C, fedha inayoingia ikiwa chanya na inayotoka hasi. Kwenye ukurasa wa hesabu, salio la kuanzia (−320000) likae B1, na kuanzia A3 andika kila tarehe ya mwezi, zote 30, bila kuruka. Kisha kwenye B3, C3 na D3:

```
=$B$1+SUMIFS(Miamala!C:C,Miamala!A:A,"<="&A3)
=MAX(0,-B3)*0.18/365
=MAX(0,-B3-500000)*0.06/365
```

Vuta chini hadi siku ya mwisho. Faida ya mpangilio huu utaiona baadaye: ukibadilisha tarehe ya muamala mmoja tu, mwezi mzima unajihesabu upya.

Hesabu yako iko chini ya ya benki kwa karibu theluthi moja

Kosa hili ni letu, si la benki. Taarifa ya akaunti huorodhesha siku zenye miamala peke yake, na mtu akizifuata hizo, au akihesabu siku za kazi tu, Jumamosi na Jumapili zinapotea. Deni halipumziki mwisho wa wiki. Salio la Ijumaa jioni ndilo salio la Jumamosi na la Jumapili, na riba inatozwa kwa siku zote tatu. Kwenye Juni yetu kulikuwa na siku 9 za namna hiyo, na salio-siku zake ni 3,080,000 kati ya 10,250,000. Ukiona pengo la karibu asilimia 30, hesabu mistari ya jedwali lako kabla ya kufanya jambo jingine. Mwezi wa siku 30 uwe na mistari 30.

Pengo linatokea miezi ile tu ambayo akaunti ilikuwa na fedha kwa siku kadhaa

Umetumia wastani. Tuseme akaunti imekaa na deni la 300,000 kwa siku 20, halafu ikawa na akiba ya 300,000 kwa siku 10. Wastani wa mwezi ni deni la 100,000, na kwa siku 30 unapata salio-siku 3,000,000. Lakini benki itatoza salio-siku 6,000,000, mara mbili ya hesabu yako, na itakuwa sahihi. Siku zenye akiba zinahesabiwa sifuri. Hazipunguzi riba ya siku zenye deni, labda kama mkataba unasema akiba nayo inalipwa riba. Ile `MAX(0,...)` kwenye fomula ndiyo inayolinda jambo hili.

Sambamba na hilo, tazama siku zenye miamala mingi. Taarifa huonyesha salio baada ya kila muamala, na linalotumika kwa riba ni la mwisho wa siku. Deni likishuka asubuhi na kupanda tena jioni ya siku hiyo hiyo, ule unafuu wa mchana hauna thamani yoyote kwenye riba. Na kinyume chake: kuvuka kikomo saa nne asubuhi, fedha ikaingia saa tisa alasiri, hakupaswi kuzaa riba ya ziada kama mkataba unazungumzia salio la kufunga siku.

Jedwali lako ni zima, tofauti bado ipo

Sasa geuza tofauti iwe salio-siku. Chukua kiasi cha tofauti, zidisha kwa 365, gawa kwa kiwango cha riba. Matokeo yake yanakuambia ni deni kiasi gani, kwa siku ngapi, ambalo benki imelihesabu na wewe hukulihesabu. Kisha ligawe kwa kila muamala wa mwezi huo, mmoja baada ya mwingine. Muamala unaotoa namba kamili ya siku ndio wa kushukiwa kwanza.

Tujaribu: 550.66 × 365 ÷ 0.18 inatoa karibu 1,116,600. Gawa kwa 150,000, unapata siku 7.44. Kwa hundi ya 240,000, siku 4.65. Kwa 310,000, siku 3.60. Kwa 400,000, siku 2.79. Hakuna namba kamili hata moja. Benki haihesabu riba kwa vipande vya siku, kwa hiyo ama chanzo si muamala, ama vyanzo viko viwili na vimelaliana. Usilazimishe 4.65 iwe 5. Nimewaona watu wakifanya hivyo, wakadai kitu ambacho benki ilikikanusha ndani ya dakika mbili, na dai lao zima likakosa uzito.

Vyanzo viwili vikilaliana, kwanza ondoa kile kinachogusa mwezi mzima kwa uwiano, ndipo cha siku chache kitajitokeza.

Tofauti inayofuata uwiano uleule kila mwezi

Hapa unatazama kigawanyo cha mwaka. Benki ikigawa kwa 360 badala ya 365, riba ya kila siku inakua mara 1.0139, na asilimia 18 inakuwa kwa kweli 18.25. Ikigawa kwa 366 mwaka mrefu, inashuka hadi mara 0.9973. Ukichukua miezi sita na kugawa riba ya benki kwa riba yako, ukapata 1.0139 kila mara, jibu umelipata bila kutafuta zaidi. Uwiano mwingine wa kudumu, kwa mfano 1.0556, ni 19 kwa 18: benki inatumia kiwango kilichopanda na wewe umebaki na cha zamani.

Lakini mwezi wetu una kitu kingine kilichofunika uwiano. Riba ya benki kugawa kwa yangu ni 5,638.33 ÷ 5,087.67, yaani 1.108, ambayo haifanani na chochote. Hapo njia ni kurudisha riba ya benki kwenye umbo lake la kabla ya kugawanywa. Zidisha 5,638.33 kwa 365: unapata 2,057,990.45. Zidisha kwa 360: unapata 2,029,798.80, ambayo iko karibu kabisa na 2,029,800. Miamala yetu yote ni ya maelfu kamili, kwa hiyo namba inayokaribia mia kamili ni ishara kubwa. Ile 1.20 iliyopungua inaelezwa na kukadiria hadi senti iliyo karibu tu, kwa sababu nusu senti mara 360 ni 1.80.

Umbo langu mimi la kabla ya kugawanywa lilikuwa 10,250,000 × 0.18 jumlisha 200,000 × 0.06, yaani 1,857,000. Toa: 2,029,800 − 1,857,000 ni 172,800. Gawa kwa 0.18, unapata salio-siku 960,000. Na 960,000 kugawa kwa hundi ya 240,000 ni siku 4 kamili. Miamala mingine yote inatoa vipande.

Kwenye akaunti yenye miamala ya senti na visarafu hutapata namba za kupendeza namna hii. Fanya jaribio lilelile kwa kila kigawanyo, halafu uone ni kipi kinachotoa idadi ya siku iliyo ndani ya 0.01 ya namba kamili. Ukipata majibu mawili yanayofaa, amua kwa kubadilisha tarehe kwenye ukurasa wa Miamala na kuona kama jumla inatua kwenye riba ya benki mpaka senti.

Muamala mmoja, siku kamili kadhaa

Siku 4 kutoka Ijumaa tarehe 13 zinakupeleka Jumanne tarehe 17. Benki imeonyesha hundi kwenye taarifa siku ya 13, ila kwa ajili ya riba imeihesabu kuanzia tarehe 17. Hiyo inaitwa tarehe ya thamani: siku ambayo fedha inaanza kufanya kazi kwenye salio linalotozwa riba. Hundi haina fedha mpaka benki ya mlipaji iilipe, na kabla ya hapo deni lako halisi bado ni 470,000 hata kama taarifa inasema 230,000. Badilisha tarehe ya hundi kwenye lahajedwali iwe 17 na kigawanyo kiwe 360. Jumla inakuwa 5,638.33, sawasawa na ya benki.

Sasa soma mkataba. Wa akaunti hii unasema hundi inapata thamani siku ya pili ya kazi baada ya kuwekwa. Jumatatu tarehe 16 ni ya kwanza, Jumanne tarehe 17 ni ya pili. Benki iko sahihi, na 473.42 ya tofauti, sehemu kubwa kabisa, haidaiwi. Uiweke kando kwa moyo mweupe, maana kuichanganya na dai la kweli ndiko kunakolizamisha lote.

Alama hiyohiyo ya siku kamili ina wazazi wengine, na tarehe ndiyo inayowatenganisha. Siku 3 zinazoanza Ijumaa kwa fedha taslimu au kwa uhamisho wa ndani ya benki ileile ni jambo la kuuliza, kwa sababu fedha hiyo haikuwa na mtu wa kuisubiri. Mara nyingi iliwekwa baada ya saa ya kufunga hesabu za siku, ikasukumwa hadi Jumatatu. Tafuta stakabadhi yenye saa. Siku 1 katikati ya wiki ina maelezo hayohayo.

Ya kuangalia kwa makini kuliko zote ni hundi iliyorudi. Tuseme imewekwa tarehe 5, ikapewa thamani tarehe 9, kisha ikarudi bila kulipwa. Benki inafuta ingizo lake kwa kutoa kiasi kilekile. Kama kutoa huko kumepewa tarehe ya thamani ya 5, wakati kuingiza kulipewa ya 9, basi kwa siku 4 umetozwa riba juu ya fedha ambayo hukupewa wala hukuitumia. Maingizo mawili yanayofutana lazima yawe na tarehe moja ya thamani. Kosa hili halionekani kwenye masalio ya taarifa, kwa sababu salio la mwisho ni sahihi. Linaonekana kwenye salio-siku peke yake. Na kama marekebisho yameandikwa mwezi huu kwa tarehe ya thamani ya mwezi uliopita, rudia pia hesabu ya mwezi uliopita, kwa kuwa jedwali la mwezi mmoja halizioni siku zilizo nyuma yake.

Kama taarifa yako inaonyesha safu moja tu ya tarehe, omba ile yenye zote mbili, ya muamala na ya thamani. Bila hiyo utakuwa unabahatisha kila hundi.

Tofauti inajitokeza miezi ya kuvuka kikomo tu

Swali ni moja: riba ya ziada imetozwa juu ya nini? Kwenye akaunti yetu ziada ya asilimia 6 ni juu ya 40,000 iliyovuka, na inatoa 32.88. Benki ikiitoza juu ya deni zima la 540,000 kwa siku zilezile 5, inakuwa 443.84. Zigawe moja kwa nyingine utapata 13.5, ambayo ndiyo 540,000 kwa 40,000. Soma maneno ya mkataba neno kwa neno hapa. "Kiasi kinachozidi kikomo" na "salio lililozidi kikomo" yanaweza kusikika kama kitu kimoja, na hayako hivyo: la pili laweza kuchukuliwa kumaanisha deni zima.

Mara chache tofauti ya aina hii inakuwa kubwa ghafla bila kikomo kuvukwa hata siku moja. Angalia kama muda wa kikomo chenyewe umekwisha. Ovadrafti hupewa kwa kipindi, mara nyingi mwaka, na siku barua ya kuongeza muda ikichelewa kuingizwa kwenye mfumo, kikomo kinageuka sifuri na kila senti ya deni inahesabiwa kuwa imevuka. Kwa Juni yetu hiyo ingekuwa 10,250,000 × 0.06 ÷ 365, yaani 1,684.93 mahali pa 32.88. Ukigeuza tofauti kwa kutumia 0.06 badala ya 0.18, ukaongeza salio-siku 200,000 ambazo tayari ulizitoza ziada, ukapata jumla ya salio-siku za mwezi mzima au za kuanzia tarehe fulani, isiyopita tarehe 19, mpaka mwisho, chanzo ni hicho. Tarehe hiyo ilinganishe na ya kumalizika kwa barua ya ofa, na ya wewe kusaini ile mpya.

Kiwango kimebadilika katikati ya mwezi

Ongeza safu moja kwenye jedwali: jumla ya salio-siku tangu tarehe 1 hadi siku husika. Tuseme riba imepanda kutoka 18 hadi 19 tarehe 16, lakini mfumo umeanza kuitoza tangu tarehe 1. Geuza tofauti kwa asilimia 1, ambayo ndiyo pengo la viwango viwili, na utapata 5,880,000. Iangalie kwenye safu mpya: hiyo ndiyo jumla ya mwisho wa tarehe 15, kabla ya hundi kusogezwa. Namba imekuonyesha siku yenyewe. Kilichobaki ni tarehe ya barua ya taarifa ya mabadiliko na muda ambao mkataba unaitaka benki ikupe kabla ya kuyaanza.

Siku moja ya mpakani

Tofauti ikiwa sawa na riba ya siku moja ya deni la mwisho wa mwezi, au ya deni la mwisho wa mwezi uliotangulia, vipindi vyenu haviendani. Kwenye akaunti hii siku moja ya 140,000 ni 69.04, na siku moja ya 320,000 ni 157.81. Baadhi ya benki hazifungi riba mwisho wa mwezi wa kalenda. Zinafunga tarehe 25, au siku ya mwisho ya kazi, na siku zilizobaki zinaingia mwezi unaofuata. Jumlisha miezi mitatu mfululizo. Ikiwa jumla zinakaribiana, hakuna aliyeibiwa, siku zimehama tu. Jumla ikizidi kwa siku moja kila kipindi, basi siku ya kufunga imehesabiwa mara mbili, mwisho wa kipindi kimoja na mwanzo wa kingine, na hilo linadaiwa.

Riba yenyewe ikishakatwa inakuwa sehemu ya deni na inaanza kuzaa riba. Kwa hiyo iandike kwenye Miamala kama kutoa kwingine kokote, kwa tarehe ya thamani iliyo kwenye taarifa, pamoja na ada za mwezi. Anayeisahau huona tofauti ndogo inayokua mwezi hadi mwezi bila kuruka. Ukaguzi wa siku nyingi ufanye kwa masalio ya benki kama yalivyo kwanza, halafu ndipo utengeneze jedwali la pili lenye masalio yaliyopaswa kuwa.

Tofauti ya senti iache. Benki ikikadiria riba ya kila siku hadi senti iliyo karibu, siku 30 haziwezi kuleta zaidi ya senti 15 kwa kila aina ya riba.

Cha kuandika kwa benki

Kwenye akaunti yetu kilichobaki ni kigawanyo. Mkataba unasema 365, benki imetumia 360, na kwa Juni peke yake zidio ni 5,638.33 kutoa 5,561.10, yaani 77.23. Ni kiasi kidogo, ila kigawanyo kikikosewa kwenye mpangilio wa akaunti hukosewa tangu siku ya kwanza. Kwa bahati hesabu yake ya nyuma ni nyepesi, kwa sababu 5 kwa 365 ni sawa na 1 kwa 73. Chukua jumla ya riba zote zilizokatwa tangu ovadrafti ifunguliwe, gawa kwa 73, na hicho ndicho kilichozidi. Ada usizijumuishe, maana hazipiti kwenye kigawanyo.

Barua iwe fupi. Taja kifungu cha mkataba chenye siku 365. Onyesha salio-siku za mwezi mmoja, 11,210,000 kwa tarehe za thamani za benki yenyewe na 200,000 juu ya kikomo, kisha riba kwa 360 na kwa 365 zikiwa pamoja, ili karani aone kwamba ya kwanza ndiyo aliyokata mpaka senti. Omba jedwali la riba ya kila siku kutoka kwenye mfumo wao. Lipo, kwa kuwa mfumo huirekodi riba kila usiku kabla ya kuikata mwisho wa kipindi. Omba mambo matatu: kigawanyo kirekebishwe, zidio la miezi yote lirudishwe, na kila marejesho yapewe tarehe ya thamani ya siku riba husika ilipokatwa. Hilo la mwisho usiliache. Marejesho yakiingia kwa tarehe ya leo, riba iliyozaliwa juu ya riba iliyozidi inabaki kwao, na jedwali lako la mwezi ujao litakuwa sahihi huku fedha hiyo ikiwa haijarudi.